Kaka yuko ughaibuni, anataka ninunue nyumba yake kwa jina langu

Shikamoo, wakili. Kaka yangu anafanya kazi ughaibuni na amejiwekea akiba ya kununua nyumba huku nyumbani. Hana likizo mwaka huu, kwa hiyo amenichagua mimi mdogo wake nimshughulikie. Nyumba tumeipata kupitia dalali na bei tumeshaelewana kwa mdomo. Kaka anataka anitumie pesa zote kwenye akaunti yangu, ninunue kwa jina langu ili kupunguza usumbufu wa makaratasi, halafu akirudi tuhamishe. Muuzaji amekiri kwamba nyumba ina mkopo mdogo wa benki, ila anasema ataumaliza kwa malipo ya awali, na anayataka kabla ya Ijumaa. Wakili wake amejitolea kuhudumia pande zote mbili ili tuokoe gharama. Kaka amepakua fomu ya uwakilishi mtandaoni, ameisaini na kunitumia picha yake kwa simu. Mume wangu ananishauri nijitoe, maana pesa za ndugu huishia kwenye lawama. Mimi nataka kumsaidia kaka, na nataka tukimaliza tuwe bado ndugu. Tufuate hatua zipi, na tujilinde vipi sote wawili?

Mdogo wake

Marahaba, mwanangu. Jina liwe la kaka yako tangu mwanzo. Mpango wa kuandika lako kwanza na kuhamisha baadaye ndio ninaoukuta chini ya kesi nyingi za ndugu, na mara nyingi hakuna mwizi ndani yake. Siku msajili anapoandika jina lako, sheria inakutambua wewe kuwa mwenye nyumba. Ukifariki, nyumba inaingia kwenye mirathi yako, na warithi wako wanaweza kuidai kwa nia njema kabisa kwa sababu hawakuwepo mlipokubaliana. Ukiwa na deni, mdai wako anaweza kuomba mahakama iikamate. Ndoa yako ikivunjika, itahesabiwa kuwa mali yako mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na wa kuthibitisha ni kaka yako, akiwa mbali, akiwa na jumbe za simu tu mkononi. Hata kama hayo yote hayatatokea, kuhamisha ni muamala wa pili: ushuru, ada za usajili na za wakili hulipwa upya, na sehemu nyingine mamlaka ya kodi itataka kujua wewe ulipata faida gani.

Kuna jambo moja tu linaloweza kumfanya mtu aliye nje aogope kuweka jina lake, nalo mliulize mapema: je, bado ana haki ya kumiliki? Kama amechukua uraia wa nchi nyingine, sheria ya mahali nyumba ilipo inaweza kumzuia, au kumruhusu kwa upangaji wa muda mrefu au kwa kibali maalumu. Ikiwa amezuiwa, kutumia jina lako kukwepa katazo hilo kunaweza kuufanya mkataba kuwa batili, na pahali pengine ni kosa la jinai. Jibu la swali hilo litoke kwa wakili, kwa maandishi, kabla hamjaenda hatua nyingine.

Wakili huyo asiwe wa muuzaji. Simaanishi kwamba ni mtu mbaya. Ni kwamba siku mtakayomhitaji zaidi, yaani siku kasoro itakapoonekana kwenye nyumba, ndiyo siku ambayo hawezi kuwashauri nyote wawili. Kaka yako achague wakili wake mwenyewe, asaini makubaliano ya kazi kwa jina lake, na alipe ada mwenyewe. Jina la wakili lithibitishwe kwenye orodha ya mawakili wenye leseni ya mwaka huu, na namba ya simu ichukuliwe kwenye orodha hiyo, isitoke kwa dalali. Kisha mkubaliane kwamba kila taarifa itatumwa kwenu wote wawili kwa wakati mmoja. Hilo ni dogo lakini linaondoa nusu ya lawama anazoziogopa mumeo, kwa sababu kaka hatakuwa anasikia habari za nyumba yake kupitia mdomo wako peke yake. Katika nchi ambazo mauzo ya nyumba hufungwa mbele ya notari wa serikali asiyeegemea upande wowote, mtamtumia huyo, ila bado kaka anaweza kuwa na mshauri wake.

Sasa mpangilio wa kazi. Watu wengi huanza na hati ya uwakilishi, nami ningeanza na upekuzi. Kupatana bei, kutembelea nyumba na kupekua kumbukumbu za msajili hakuhitaji hati ya uwakilishi hata kidogo; hati inahitajika tu siku ya kusaini. Na mkisubiri mpaka upekuzi utoke, hati itaandikwa kwa ajili ya nyumba moja inayojulikana na kwa bei iliyokwisha kukubaliwa.

Upekuzi auombe wakili wenu mwenyewe kwa msajili. Nakala inayoletwa na muuzaji, hata ikiwa na mhuri, muichukue kama dokezo tu. Mnachotafuta ni vitu vinne: jina la mmiliki ni lile lile lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji, namba na ukubwa wa eneo vinalingana na ramani ya upimaji, rehani zilizoandikwa, na ni za nani, na kama kuna zuio au amri ya mahakama. Kama muuzaji ameoa au ameolewa, muulize wakili kama ridhaa ya mwenzi wake inatakiwa. Kisha wewe, ambaye upo, fanya kile ambacho karatasi haiwezi. Nenda na mpima mkaangalie alama za mipaka. Ongea na anayeishi ndani, umuulize anakaa kwa makubaliano gani na na nani, maana mpangaji mwenye mkataba halali anaweza kuhamia kwa mmiliki mpya pamoja na haki zake. Mpigie kaka simu ya video bila kuikata, ukianzia barabarani mpaka ndani ya nyumba, ili aone mlango uliouingia ni wa nyumba ile ile. Na ikiwa muuzaji naye anawakilishwa na ndugu yake, simamisheni kila kitu mpaka wakili amwone mwenye mali mwenyewe kwa video, akiwa na kitambulisho. Hati ya uwakilishi hufa na aliyeitoa, na nyumba za marehemu huuzwa kwa hati za namna hiyo.

Tukija kwenye hati ya kaka yako, ile picha ya simu haina kazi. Msajili huhitaji hati halisi, na huhitaji kujua kwamba saini ni ya kaka kweli. Fomu ya mtandaoni nayo kwa kawaida ni ya uwakilishi wa jumla, inayokupa uwezo wa kufanya lolote juu ya mali yake yote. Usiikubali hata kama yeye anakuamini. Hati pana hivyo ikipotea au ikitumiwa vibaya na mtu mwingine, wewe ndiye utakayetakiwa kujieleza.

Wakili aandike hati ya uwakilishi maalumu. Iwe na majina kamili ya kaka kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya pasipoti. Nawe vivyo hivyo kwa kitambulisho chako. Tofauti ya jina moja la kati hurudisha faili nyuma kwa wiki nzima. Nyumba itajwe kwa namba yake ya usajili, siyo kwa mtaa au rangi. Uwezo wako utajwe mmoja mmoja: kusaini mkataba wa kununua, kusaini fomu za uhamisho kwenda kwa jina lake, kuwasilisha nyaraka kwa msajili, kupokea funguo. Halafu yaandikwe usiyoruhusiwa: kuuza, kuweka rehani, kupokea bei ya nyumba, kumkabidhi mtu mwingine mamlaka haya, na kuandikisha nyumba kwa jina lako au la jamaa yako. Katika sheria za nchi nyingi uwezo wa kununua hauleti uwezo wa kuuza, lakini iandikwe tu, kwa sababu karani anayepokea hati hasomi vitabu vya sheria, anasoma karatasi iliyo mbele yake. Weka na tarehe ya mwisho. Miezi sita inatosha kwa nyumba moja.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: hati hii ataisoma muuzaji. Wapo wanaoandika humo "kwa bei isiyozidi kiasi fulani" wakidhani wanajilinda, kumbe wamemwonyesha muuzaji mfuko wao wote. Kama bei bado inajadiliwa, ukomo uandikwe kwenye barua ya siri kutoka kwa kaka kwenda kwa wakili. Kama bei imekwisha kufungwa, hapo itajwe bila wasiwasi.

Akishapata rasimu hiyo, kaka asiisaini nyumbani. Aende nayo bila saini kwa notari wa huko aliko, asaini mbele yake. Kuanzia hapo kuna njia mbili, na ni muhimu kujua ni ipi inayowahusu. Ikiwa nchi aliko na nchi yenye nyumba zote ni wanachama wa mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 unaohusu kutambua nyaraka za nje, na mkataba unafanya kazi kati yao, hati itabandikwa apostili na mamlaka iliyoteuliwa huko, basi. Apostili ni cheti cha mraba, na kichwa chake huwa kwa Kifaransa kikitaja tarehe hiyo ya mkataba, hata kama maneno mengine ni ya lugha ya nchi. Ikiwa mojawapo si mwanachama, hati hupita wizara ya mambo ya nje ya huko aliko, kisha ubalozi wa nchi yenye nyumba. Msitegemee maelekezo aliyopewa rafiki yake miaka mitano iliyopita, maana wanachama huongezeka: China ilianza kutumia mkataba huo Novemba 2023 na Kanada Januari 2024. Mara nyingi kuna njia fupi zaidi, nayo ni kusaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa nchi yenye nyumba. Hati za maofisa wa kibalozi hazimo kwenye mkataba ule wa apostili, na nchi nyingi hupokea moja kwa moja zile zilizotengenezwa na balozi zao wenyewe. Wakili amuulize msajili kwanza anapokea ipi.

Na tukumbuke mipaka ya mhuri huo. Apostili inathibitisha saini na cheo cha notari. Haisemi kwamba yaliyoandikwa ndani ni sahihi, wala kwamba hati inafuata sheria ya nyumba ilipo. Ndiyo maana rasimu itoke kwa wakili wa huku hata kama inasainiwa kule. Hati halisi itumwe kwa kampuni ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia, ifike kwa wakili moja kwa moja. Kama lugha ni nyingine, itafsiriwe na mtafsiri aliyeidhinishwa. Pahali pengi inabidi isajiliwe pia kabla ya kutumika.

Pesa ndizo sehemu ambayo ningekuwa mgumu kuliko zote. Zisipite kwako. Benki yako ikiona kiasi kikubwa kinaingia kutoka nje na kutoka siku ile ile, inaweza kuzuia akaunti ikisubiri maelezo, nawe hutakuwa na mkataba wa kazi wala mshahara wa kuzieleza pesa hizo. Na kaka, siku akiuza nyumba na kutaka kurudisha fedha zake kule, ataulizwa ziliingiaje. Jibu safi ni mlolongo unaoanza kwenye akaunti yake na kuishia kwenye ununuzi wa nyumba yenye jina lake. Atume kwenye akaunti ya wateja ya wakili, ile iliyotengwa na pesa za ofisi, au akaunti ya amana ya benki au ya notari, kwa masharti yaliyoandikwa ya lini zitolewe.

Namba ya akaunti aithibitishe kwa kumpigia wakili kwa namba ile aliyoitoa kwenye orodha ya mawakili, asomewe tarakimu moja moja. Atume kiasi kidogo kwanza, asubiri wakili aseme kimefika kiasi gani. Ikija barua pepe yoyote baadaye kusema akaunti imebadilika, hata kama inatoka kwenye anwani ya siku zote na inaendeleza mazungumzo yale yale, asitume. Wezi huingia kwenye barua pepe za ofisi za mawakili, wakasoma kimya, na kujitokeza wiki ya malipo. Kwenye fomu ya benki, gharama za kutuma achague OUR ili zitoke kwake. Akichagua SHA au BEN benki za njiani zinaweza kukata na fedha zikafika pungufu, na muuzaji mkorofi anaweza kufanya upungufu huo kuwa sababu ya kusema hamkutimiza mkataba. Aombe na namba ya kufuatilia iitwayo UETR, yenye herufi na tarakimu na vistari, jumla 36. Malipo yakikwama, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha yamekwama benki gani.

Hebu tuuchukue mkopo wa muuzaji tuone masharti hayo yanafanya nini. Tuseme bei ni 100,000 ya fedha yoyote ile, malipo ya awali ni 10,000, na benki inamdai 35,000. Muuzaji anasema mpe 10,000 atamaliza deni. Hesabu yenyewe inakataa. Hata akipeleka zote benki, zinabaki 25,000 na rehani inabaki mahali pake. Akizitumia kwingine, mmempa mkopo usio na dhamana mtu ambaye tayari ana deni. Na "mkopo mdogo" ni neno lake. Kiasi halisi kinajulikana kwa barua ya benki inayosema deni limebaki kiasi gani mpaka tarehe fulani, pamoja na riba na adhabu.

Kwa hiyo iwe hivi. Zile 10,000 ziingie kwa wakili wenu baada ya mkataba kusainiwa, zikae hapo, zisimfikie muuzaji. Mkataba useme zinarudi zote kwa kaka kama rehani haitaondolewa, kama upekuzi mpya utaonyesha jambo lisilokuwepo, au kama muuzaji atashindwa kuhamisha kwa tarehe iliyowekwa. Benki itoe barua ya ahadi kwamba ikipokea 35,000 itaachia hati ya nyumba na kutoa nyaraka za kufuta rehani. Siku ya kukamilisha, asubuhi, wakili anarudia upekuzi. Ukiwa safi, 35,000 zinakwenda benki moja kwa moja kutoka kwa wakili, na 65,000 zinazobaki zinakwenda kwa muuzaji dhidi ya fomu za uhamisho zilizosainiwa, hati na funguo. Kama kuna kodi ya nyumba au ada za jengo ambazo hajalipa, zinakatwa kwenye hizo 65,000, maana madeni ya aina hiyo mara nyingi hubaki yakiifuata nyumba hata mmiliki akibadilika.

Upekuzi wa asubuhi ile watu huona ni kupoteza ada. Lakini ule wa kwanza unaeleza hali ya siku ulipotolewa tu. Katikati hapo mdai mwingine anaweza kuweka zuio, au muuzaji akasaini na mnunuzi wa pili. Palipo na utaratibu wa kuandikisha notisi au zuio kwa niaba ya mnunuzi mara mkataba unaposainiwa, wakili aufanye siku hiyo hiyo kwa jina la kaka. Ndicho kinachoilinda nafasi yake katika kipindi kibaya kuliko vyote, kati ya pesa kutoka na jina kubadilika. Mkataba uliosainiwa peke yake haumfanyi kuwa mmiliki pale umiliki unapohamia kwa usajili, na nimeona familia zikihamia ndani, zikapaka rangi na kufanya dua ya kufungua nyumba huku jina la muuzaji likiwa bado kwenye daftari.

Muuzaji akisema mnunuzi mwingine anasubiri Ijumaa, mjibu kwa maandishi kwamba mnunuzi yuko tayari na fedha zitaingia kwa wakili mara upekuzi na barua ya benki vitakapotoka. Mwenye haraka ya kweli atawapelekea barua hiyo haraka. Akikataa akaunti ya wakili na kusisitiza mkononi, muacheni aende na huyo mwingine.

Sasa wewe mwenyewe. Mumeo ana hoja, ila dawa yake haihitaji ujitoe. Ukishabaki na saini tu, na pesa zikawa kwingine, hakuna cha kukulaumu isipokuwa vitu viwili, na vyote vina namna ya kushughulikiwa. Cha kwanza ni gharama ndogo: nauli, nakala, mpima, ada za upekuzi. Kaka akutumie kiasi kidogo mahsusi kwa ajili hiyo, uweke kila risiti, umpelekee picha siku ile ile. Na zungumzeni mapema kama muda wako una malipo. Ndugu wengi huona aibu kulitaja, halafu linatoka kwa hasira kwenye msiba au harusi. Kama atakupa kitu, kiwe kiasi kilichotajwa kwa maandishi, ukipokee ukiwa umeinua kichwa.

Cha pili ni cha juu. Dalali atakuja, na pengine ameshakuja, akuambie muuzaji anataka 95,000, mwambie kaka 100,000, tugawane. Kisheria mwakilishi hana haki ya faida ya siri inayotokana na kazi aliyotumwa. Kaka anaweza kukudai hata kama nyumba yenyewe inastahili bei hiyo. Kinga yake ni rahisi: bei aisikie kaka kutoka kwa muuzaji mwenyewe kwenye simu ya pamoja na wakili, na ada ya dalali iandikwe nani anailipa na kiasi gani. Ukifanya hivyo dalali hatapata pa kukushawishi, na hata akinuna atakupigia tu, maana bado anataka ada yake halali.

Kuna tukio moja zito ambalo nalazimika kulitaja. Kama Mungu akimchukua kaka yako kabla hamjamaliza, mamlaka yako yanakoma saa ile ile, hata kama tarehe ya mwisho ya hati haijafika. Usisaini chochote kwa sababu "yeye angetaka hivyo." Mkataba uliokwisha kusainiwa unabaki ukiufunga urithi wake, na atakayeendelea ni msimamizi wa mirathi. Kaka aache jina la mtu wa kuarifiwa na wakili ikitokea hivyo, na kama ana mke, mke ajue kwamba ununuzi huu upo.

Usajili ukikamilika, wakili achukue upekuzi mpya unaoonyesha jina la kaka bila rehani, aupeleke kwake. Hati halisi ya nyumba ikae mahali alipopachagua yeye: kwa wakili kwa stakabadhi, au kwenye sanduku la benki. Isikae kabatini kwako, hata kwa muda. Soma mita za maji na umeme siku ya funguo, upige picha, ubadilishe vitasa, na bima ianze siku hiyo hiyo. Kisha kaka asaini waraka mfupi wa kufuta uwakilishi, unaopelekwa kwa msajili na kwa wakili, maana mtu asiyearifiwa anaweza kuendelea kuitegemea hati ile kwa nia njema. Kama atataka uendelee kusimamia wapangaji, hiyo ni hati nyingine, yenye maneno mengine, na una haki ya kuikataa.